Mashine Itakuja Kwako, Picha Haitatoka

Wazee wa Kikwajuni walikuwa na sababu ya kuziweka picha zao chini ya kitanda, ndani ya sanduku, na ufunguo kiunoni. Kabla sijasimama kusema nao nilikuwa nimepita barazani mwao kwa wiki kadhaa nikisikiliza tu, na kila nilipotaja skana hakuna aliyeniuliza inafanya kazi vipi. Waliuliza picha itakwenda wapi, itarudi lini, na nani ataiona.

Unguja ina haki ya kuuliza hivyo. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, studio za mjini, kama ya Gomes na ya Coutinho, zilipiga picha za watu wetu zikauzwa kwa abiria wa meli kama kadi za posta. Chini ya mwanamke aliyekaa na kanga zake liliandikwa kabila au kazi, jina lake hapana. Kadi zile zinauzwa mpaka leo kwa wakusanyaji wa Ulaya, na wajukuu wa wale wanawake hawajui kama anayeuzwa ni bibi yao. Halafu yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Familia zikatawanyika, wengine Omani na Dubai, wengine Uingereza, wengine Mombasa na Dar es Salaam, na picha ya kijana aliyesimama chini ya bendera ya chama fulani ikawa kitu cha kufikiria mara mbili kabla ya kumwonyesha mgeni. Mtu aliyeishi miaka ile hahitaji kuelezwa kwamba picha ni ushahidi.

Kikundi chetu cha kujitolea kilikuwa na skana moja ya kulaza, kompyuta moja, diski mbili za nje na bahasha za karatasi isiyo na asidi. Kazi yetu ni kukusanya kumbukumbu za mitaa ya Ng'ambo, kwa sababu picha nyingi za zamani zinazochapishwa kuhusu Unguja ni za Mji Mkongwe. Tuliomba nafasi ya kusema baada ya sala ya Alasiri, kwenye ukumbi wa nyumba ya mmoja wa wazee. Wanaume walikaa upande wa mlango, wanawake upande wa ndani, na kahawa ikapita. Nilisimama katikati, mahali ambapo pande zote mbili zingenisikia, nikasema maneno haya, karibu kama yalivyo:

"Assalamu alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Sitasema marefu, Magharibi haiko mbali.

"Sikuja kuomba picha zenu. Zitabaki majumbani mwenu. Ninaloomba ni kuja na mashine nyumbani kwako, tuifanye kazi mbele ya macho yako, kisha wewe mwenyewe uirudishe picha sandukuni. Mashine itakuja kwako, picha haitatoka.

"Haraka yangu ni hii." Hapo niliinua picha ya harusi ya shangazi yangu, ya mwisho wa miaka ya 1970. "Tazameni. Ilikuwa na rangi zote, gauni la kijani, mazulia, maua. Sasa imekuwa nyekundu tupu. Haikupigwa na jua hata siku moja, ilikaa ndani ya albamu. Karatasi za rangi za miaka ile hufa hata gizani, na joto letu huziharakisha. Nyeusi na nyeupe zina nguvu zaidi, lakini zina adui wake, nao ni unyevu. Tukiipiga leo tunapata kilichobaki leo. Cha jana kimeshakwenda.

"Picha yako haitaumia. Hatuipitishi kwenye roli, tunailaza juu ya kioo, mwanga unaipitia sekunde chache, basi. Iliyoganda hatutaibandua kwa nguvu. Na ile ambayo hatuwezi kuipiga bila kuiumiza, tutakwambia, na tutaiacha.

"Nani ataiona? Hilo utasema wewe, picha kwa picha. Kuna picha ya watu wote. Kuna picha ya ukoo tu. Na kuna picha ya kufungwa, isiyofunguliwa mpaka utakaposema au mpaka mwaka utakaoutaja. Tutaandika, tutakusomea, utatia saini au dole gumba.

"La mwisho ni zito. Picha ikishatoka kwenye mtandao, mimi siwezi kuirudisha, wala mtu yeyote hawezi. Anayekwambia anaweza anakudanganya. Kwa hiyo ukisita, sema ifungwe. Iliyofungwa inaweza kufunguliwa kesho, iliyofunguliwa haifungiki tena.

"Anayetaka kujaribu, atoe picha moja, ile ambayo hata ikipotea hataumia. Atukalie kitako atutazame. Akiridhika, atoe nyingine."

Nikakaa.

Palikuwa na kimya, kisha mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelitia ndani ya hotuba: "Na ukifa wewe, mwanangu?"

Lilikuwa swali bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu kazi hii, na wataalamu wa nyaraka wanaliuliza kwa maneno marefu zaidi. Nilimjibu kwamba kila faili litakuwa na nakala tatu: moja kwa familia, moja kwenye diski yetu, na ya tatu nje ya kisiwa, mahali ambapo moto au mafuriko ya hapa hayatafika. Nikamwambia pia kwamba diski nayo hufa, mara nyingi bila kutoa dalili, kwa hiyo kila mwaka lazima mtu azifungue zote, azilinganishe, na iliyochoka ihamishiwe kwenye mpya. Daftari la majina litaandikwa kwa mkono vilevile, kwa wino, ili mtu asiye na kompyuta ajue kuna nini na kiko wapi. Mzee akasema, "Hapo nimeelewa." Baadaye ndiye aliyejitolea kuliandika daftari lile, kwa hati yake nzuri ya ubaoni.

Tangu siku ile nimeamini kwamba mzee hashawishiki kwa kuambiwa thamani ya picha yake. Thamani anaijua, ndiyo maana ameificha. Kinachomgeuza ni ahadi anayoweza kuikagua kwa macho, na ukweli kuhusu kile usichoweza kumwahidi. Niliona nyuso zikilegea nilipofika pale pa mtandao, pale ambapo watu wengi wa kazi hii hupita haraka.

Bibi mmoja akaingia ndani akarudi na picha ndogo ya kijana aliyesimama kando ya meza yenye chombo cha maua, kofia ya kiua kichwani. "Huyu simpendi," akasema, "anzeni naye." Tulipoigeuza tukakuta mhuri wa Capital Art Studio, studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na juu yake namba kwa penseli. Ndiyo sababu kila picha tunaipiga pande mbili. Mhuri wa studio, namba ya negativu, salamu kwa dada aliyeko Tanga, vyote viko nyuma, na mara nyingi nyuma ndiko kunakotoa jina na mwaka ambao uso umeukataa.

Mbele ya macho yao tulifanya hivi. Tuliosha mikono tukaikausha kabisa, kwa sababu glavu za pamba hunasa kwenye kingo zilizochanika, na mkono mkavu unaoshika picha pembeni unatosha kwa karatasi iliyo nzima. Kioo cha skana tulikifuta kwa kitambaa laini kikavu. Dawa ya kufutia vioo hainyunyizwi juu yake, maana hupenya pembeni ikaacha ukungu upande wa ndani. Vumbi la picha tuliliondoa kwa brashi laini, kutoka katikati kwenda nje. Tukailaza picha kifudifudi pamoja na rula ndogo na kadi ya rangi pembeni, ili atakayeifungua miaka ijayo ajue ukubwa wake wa kweli, na ajue kama umanjano ule ni wa karatasi au wa mashine.

Kisha tukaiweka mashine kwenye doti 600 kwa inchi, rangi kamili hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, kwa kuwa madoa na wino wa nyuma vina rangi zake na ni sehemu ya habari. Picha ya inchi 4 kwa 6 inatoa hapo pikseli 2400 kwa 3600, na faili la TIFF la megabaiti 26 hivi. Vijana hucheka, wanasema simu ingeimaliza kazi kwa pumzi moja. Lakini simu huibana picha ili iwe nyepesi, hulainisha nyuso kwa hiari yake, na mkono ukitetereka kidogo mstari wa mlango unapinda. Kwa pasi za zamani na picha za kitambulisho tunapanda mpaka doti 1200, kwani uso wenyewe hauzidi ukucha. Nakala nyepesi ya kutuma kwa jamaa tunaitoa baadaye kutoka kwenye hilo faili kubwa, na faili kubwa halipambwi: hatufuti doa, hatuongezi mwanga, hatukati kingo.

Majina tunayapa mafaili kwa mtindo mmoja, `KIK_007_012_mbele.tif` na `KIK_007_012_nyuma.tif`. Saba ni namba ya nyumba daftarini, kumi na mbili ni picha. Namba hiyohiyo inaandikwa kwa penseli juu ya bahasha. Kalamu ya wino haigusi picha, kwani hupenya karatasi, na picha zikirundikwa wino huhamia kwenye uso wa jirani.

Bibi alipokuza uso wa kijana kwenye skrini aliutazama muda, akasema jina lake, akasema alikuwa shemeji yake, na kwamba ugomvi wao ulihusu shamba. Akarudi ndani akaleta albamu nzima.

Albamu ile ilikuwa ya zile za miaka ya 1970 na 1980 zenye kurasa za gundi na plastiki juu. Ni adui mkubwa majumbani mwetu, na kila mtu alizinunua akidhani amezihifadhi picha zake. Gundi hukauka ikawa mistari ya kahawia nyuma ya karatasi, na plastiki iliyozeeka hushikamana na uso wa mbele. Picha iliyotoka kirahisi tuliipiga moja moja. Iliyogoma tulipitisha chini yake uzi wa kusafishia meno, mkono mmoja kila upande, kwa mwendo wa msumeno, polepole, huku ukurasa ndio unaokunjwa na picha ikibaki imenyooka. Uzi ukikwama tunasimama. Kurasa ambazo hazikukubali tulizipiga nzima nzima, tukiinua plastiki pale ilipoachia na kuipiga juu yake pale ilipong'ang'ania.

Kazi iliyotufundisha subira ilikuwa picha moja ya fremu. Ilikuwa ya wanafunzi wa shule ya serikali ya wasichana, ile iliyofunguliwa Unguja mwaka 1927. Picha yenyewe ni ya miaka mingi baadaye. Mwenyewe, Bi Mkubwa wa miaka themanini na kitu, yumo mstari wa pili. Ilitundikwa ukutani maisha yake yote ya ndoa, na ukuta wa nyumba za chokaa hunywa maji kila masika. Uso wa picha za namna hiyo umepakwa jelatini, na chembe za fedha zinazofanya weusi zimekaa ndani yake. Unyevu ukizidi, jelatini hulainika na kuvimba, na ikiwa imegusa kioo huganda juu yake kama ubwabwa juu ya sufuria.

Kuganda kunaonekana bila kufungua fremu. Zima taa, chukua tochi, imulike kutoka pembeni, karibu sambamba na kioo. Palipogandana pataonekana peusi na kung'aa kama pamelowa, na palipo huru pana ukungu mwepesi. Tuliona kona nzima ya kulia imelowa kwa namna hiyo, pamoja na nyuso tatu. Mjukuu wa Bi Mkubwa alitaka kuichovya majini, amesikia inafanywa. Wako mafundi wa uhifadhi wanaoweza kujaribu, wakiwa na maabara na wakijua ni karatasi ya aina gani. Sebuleni, maji yanaweza kuuacha uso kwenye kioo na karatasi tupu mkononi. Pasi ya moto na jokofu navyo tulivikataa kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo tuliifungua fremu kwa nyuma tu. Tuling'oa misumari midogo kwa koleo, tukaondoa kadibodi iliyokuwa imegeuka kahawia kwa asidi, na picha na kioo tukaviacha pamoja kama vilivyo. Kadibodi hatukuitupa, maana ilikuwa na maandishi ya penseli: majina ya mstari wa mbele, kutoka kushoto. Kisha tukaacha skana, tukatumia kamera iliyofungwa juu ya stendi ikitazama chini, na taa mbili za LED zisizo na joto jingi, moja kila upande, zikimulika kwa pembe ya digrii 45 ili mng'ao wa kioo usirudi kwenye lenzi. Kati ya kamera na picha tukaning'iniza kitambaa cheusi chenye tundu la lenzi, kikameza kivuli cha kamera na cha mikono yetu.

Kamera isiposimama sawasawa na picha, upande mmoja wa darasa unakuwa mkubwa kuliko mwingine. Kipimo chake hakihitaji fedha. Weka kioo cha kujitazamia bapa juu ya picha, angalia kwenye skrini ya kamera: ukiliona jicho la lenzi lenyewe katikati kabisa, uko sawa. Likiwa kando, sogeza stendi. Tulisogeza mara nyingi. Bi Mkubwa alikuwa ameketi kwenye kiti chake akituambia tusiharakishe.

Tulipoikuza picha, nyuso tatu za kona zilikuwa na madoa lakini zilisomeka, na Bi Mkubwa akazitaja zote. Mmoja alikuwa amekufa Maskati, mmoja yuko Wete, wa tatu alimwita kwa jina la utani na akakataa kutuambia la kweli mpaka amuulize mwanawe. Daftarini tukaandika jina la utani peke yake, na mbele yake: "jina linasubiri idhini".

Kuhusu idhini, wanawake ndio walionifundisha nilichokuwa nakijua nusu. Karatasi yetu ya kwanza iliuliza ruhusa ya mwenye picha. Lakini picha ya usiku wa harusi ina wanawake ishirini, vichwa wazi, nywele zimesukwa, walipigwa na mwanamke mwenzao wakijua itabaki chumbani. Mwenye albamu hana mamlaka ya nywele za wote. Tukaongeza mstari wa nne juu ya zile aina tatu: picha zinazoskaniwa na mwanamke, kutazamwa na wanawake wa ukoo, na faili lake kukaa kwenye diski ya familia peke yake, sisi tukibaki na namba na maelezo bila sura. Nikafanya mimi picha hizo, mlango umefungwa. Wapo wanaosema hiyo si hifadhi ya jamii tena. Mimi naona kumbukumbu iliyopatikana kwa kuvunja sitara ya watu ingekuwa ndugu wa zile kadi za posta.

Faida ya subira hiyo ilikuja kutoka upande ambao sikuutazamia. Kwa kuwa wenyewe walikaa nasi, walisema. Picha ya vijana wawili na baiskeli, iliyopigwa nje, ilikuwa kwetu picha ya vijana na baiskeli. Mwalimu mstaafu aliitazama nyuma yao, akaanza kuhesabu milango: nyumba ya fundi cherahani, nyumba ya mtu wa Pemba aliyekuwa akiuza halua, kisima. Mtaa huo haupo, ulibomolewa kupisha majumba ya Michenzani yaliyojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Tulimrekodi sauti akiipita picha kutoka kushoto kwenda kulia, tukaiweka sauti hiyo chini ya namba ileile ya picha. Bila yeye, faili la megabaiti 26 lingekuwa na kila kitu isipokuwa habari.

Si kila nyumba ilifungua sanduku. Mzee mmoja alisikiliza hotuba yote, akaja kututazama tukifanya kazi kwa jirani, akatushukuru, akasema zake zitazikwa naye. Hatukumrudia. Na nyumba moja ilitupa mtihani ambao karatasi yetu haikuuwazia: ndugu wawili, warithi wa albamu moja ya baba yao, kaka akataka picha za baba ziwe za watu wote, dada akazikataa kabisa, hakutoa sababu. Kaka alikuwa na albamu mkononi, na skana ilikuwa imeshawashwa. Tulijadiliana sisi kwa sisi uani. Tukarudi tukamwambia kwamba mrithi mmoja akikataa, hatupigi, na kwamba dada akibadili mawazo tutakuja hata kama ni usiku. Alikasirika, akasema karatasi zinakufa, mlisema wenyewe. Ni kweli zinakufa. Tukampa bahasha kumi na mbili zisizo na asidi na penseli laini, tukamwonyesha namna ya kuzitoa picha kwenye kurasa za gundi, na kumwambia aziweke kwenye kabati la ndani lisilogusa ukuta wa nje, juu ya usawa wa sakafu.